Hotuba ya Kuaga Utumishi

Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara na vitengo, wastaafu mliokuja kunisindikiza, watumishi wenzangu na familia yangu: itifaki imezingatiwa.

Leo nafunga miaka 34 ya utumishi. Nikisema nitaje majina nitamsahau mtu, na kwa kawaida anayesahaulika ni yule ambaye kazi yake haionekani. Naomba basi nishukuru kwa kufuata njia ya barua moja tu, ya mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Kila aliyewahi kuishika barua ya namna hiyo atajijua.

Barua inaanzia mapokezi. Ahsanteni mnaogonga muhuri wa tarehe siku ileile, hata kama imeletwa dakika kumi kabla ya kufunga ofisi. Muhuri ukisubiri kesho, siku za kuijibu zinahesabiwa tangu tulipoiona badala ya tangu ilipofika, na hasara hiyo anaibeba mjane.

Inakwenda masijala. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo ofisi hii inapopona au kuugua. Makarani wa masijala, mmekuwa mkiisoma barua hadi mwisho kabla ya kuchagua jalada, mnaipa namba ya folio kwenye kona ya juu kulia, kisha mnaandika kwenye kadi ya mwendo jalada limekwenda kwa nani na lini. Mnajua kinachotukwamisha: jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti, jalada halionekani, tunafungua la muda, halafu la muda linazoea kuwa la kudumu. Mtu mmoja anakuwa na majalada mawili, barua ya ajira iko huku, ya kupandishwa cheo iko kule, na hesabu ya mafao inatoka pungufu. Vijana wetu mlianza kutafuta kwa namba ya mtumishi kwanza, jina baadaye. Kisha mkaketi kuyaunganisha yale mapacha, folio kwa folio, na kuandika juu ya la muda: "Limefungwa, tazama jalada la awali." Ni kazi ya vumbi na ya uvumilivu. Nawashukuru kutoka moyoni.

Sasa jalada liko kwa ofisa. Maofisa wadogo, madokezo yenu yamenirahisishia kazi miaka hii ya mwisho. Yanasema barua inaomba nini, ushahidi uko folio namba ngapi, kanuni inasemaje, na ninyi wenyewe mnashauri nini. Wapo wanaoandika "Naomba maelekezo" na kulisukuma jalada juu. Ninyi mlikubali kushauri, mkijua mnaweza kusahihishwa.

Wakuu wangu, waliopo na waliostaafu, nawashukuru kwa maneno mawili mliyoandika pembeni mwa madokezo yangu kwa wino mwekundu: "Folio ipi?" Maneno hayo yalinirudisha kwenye jalada kila nilipoandika kwa kukumbuka tu. Nawashukuru pia kwa kukaimisha kwa maandishi kila mlipokwenda safari. Bila barua ya kukaimu, saini haina nguvu, na barua ya mjane inalala mpaka mkubwa arudi.

Wahasibu mlirudisha hesabu mlipoona pengo kati ya tarehe ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini. Mlikuwa sahihi kuzirudisha. Waandishi waendesha ofisi, mlilinganisha jina kwenye barua na jina kwenye kitambulisho kabla haijasainiwa. Madereva, walinzi na wahudumu, barua isingefika, isingekuwa salama, wala sisi tusingekaa hadi jioni, bila ninyi.

Familia yangu, ukaguzi wa majalada ulikula Jumamosi nyingi zilizokuwa zenu. Ahsanteni kwa kunivumilia.

Makabidhiano tumeyafanya jana na hati imesainiwa na pande zote mbili. Majalada 17 yaliyokuwa mezani kwangu yamerudi masijala, kila moja likiwa na dokezo la hatua inayofuata, na tarehe zake zimeingizwa kwenye daftari la kukumbushia. Kumi na sita yanasubiri majibu ya kawaida. La kumi na saba ni la mjane ambaye barua ya mumewe ya kuthibitishwa kazini haijaonekana. Kituo chake cha kwanza cha kazi kimeandikiwa kiangalie kwenye majalada yaliyofungwa, na tarehe ya kukumbushia ni Jumatatu ijayo. Ndugu unayenipokea, tafadhali anza na hilo.

Funguo ni tatu: kabati la chuma, droo ya mihuri na mlango wa masijala ya siri. Ndugu Mkurugenzi, naomba nizikabidhi mbele yako.