YAH: Kuomba kusogeza kikao cha Jumatano tarehe 16 Julai 2025 kutokana na msiba

Mlingotini, Bagamoyo
Jumatatu, 14 Julai 2025, usiku

Kwa Ndugu Afisa Ununuzi,

Assalaam aleikum, na habari za kazi huko Dar es Salaam. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na wenzako.

Nakuandikia kwa niaba ya Mwenyekiti na akina mama wote wa kikundi chetu cha mwani. Barua yako ya kutuita kikaoni Jumatano hii, saa nne asubuhi, tuliipata wiki iliyopita na tulikubali kwa mdomo kwenye simu. Leo narudi kwako na maneno mengine. Tumefiwa. Mume wa Mhazini wetu ametangulia mbele ya haki jana Jumapili, baada ya Isha, na tumemzika leo baada ya sala ya Adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Kwa hiyo Jumatano hatutaweza. Siku hiyo ndiyo tunaanua matanga, na hitima itasomwa asubuhi, saa ileile uliyoiandika wewe. Tunaomba radhi sana, maana najua umeshapanga gari, na najua gari la kampuni halipangwi kwa siku moja.

Huenda ukajiuliza mbona wafiwa ni wa nyumba moja na kikundi kina watu 27. Hapa kwetu kikundi kizima ndicho jiko la msiba. Tangu alfajiri wenzangu wako uani kwa marehemu, huyu anamenya vitunguu, yule anachambua mchele, mwingine anasonga ugali wa wachimba kaburi. Sufuria kubwa zinazopika ni zile za kikundi. Na lile banda letu ulilokaa mara ya mwisho, ambalo kikao kingefanyika, limetandikwa majamvi tangu jana usiku na wanaume ndimo wanamolala. Mzani wako tumeufunga kanga ukiwa palepale juu ya boriti, usiguswe na watoto. Hata ungefika Jumatano usingepata pa kuweka daftari.

Marehemu unamfahamu. Ni yule mzee wa ngalawa aliyekuvusha mkondo siku maji yalipojaa ukiwa bado shambani umevaa viatu vya ofisini. Aliicheka safari ile mpaka juzi. Vigingi vyetu vingi vya upande wa kina kirefu alivichonga yeye, na malipo yake ilikuwa kahawa tu.

Tarehe yenyewe uliichagua vizuri, na hilo nakushukuru. Wageni wengi wanatuitia vikao siku za bamvua, tunabaki kuchagua kati ya kikao na shamba. Wewe ulituwekea maji mafu, wiki ambayo shamba halikauki na kila mtu yuko nchi kavu. Ningependa tarehe mpya nayo ifuate njia hiyohiyo, ndiyo maana sikuandika tu kwamba wiki ijayo njoo.

Mwezi unaandama kati ya tarehe 24 na 26 Julai, na bamvua lake litatushika kuanzia Jumatano ya tarehe 23 mpaka kama Jumanne ya tarehe 29. Siku hizo maji yanatoka vizuri mnamo saa nne asubuhi, na saa nne ya bamvua haina mama aliyekaa nyumbani. Tena safari hii ni ya mavuno: kotoni tuliyoifunga bamvua la tarehe 11 Juni inatimiza siku 45 tarehe 26 Julai. Tukiiacha ipitilize, kusi hili linaikata kwenye kamba na tunaokota vipande ufukweni. Hapo usitupange kabisa, hata kwa nusu saa.

Tarehe tunayoiomba kwa moyo wote ni Jumamosi, 2 Agosti 2025, saa nne asubuhi, palepale bandani. Maji yatakuwa mafu, mavuno yatakuwa yameshapanda chanjani, na utaona kwa macho yako mwani mpya ukikauka. Kwa vile nia yako ni kuzungumza ukavu na bei ya daraja la kwanza, ni heri tuuzungumze tukiwa tumeushika mkononi. Kama Jumamosi kwenu si siku ya kazi, tutakuwa tayari pia Jumatatu ya tarehe 4 au Jumanne ya tarehe 5 Agosti, saa yoyote kuanzia saa tatu. Naomba tu isiwe Ijumaa. Ijumaa kabla ya sala mazungumzo yanaenda mbiombio, na baada ya sala watu wana ziara za kaburini.

Zikikupita hizo, inakuwa vigumu kidogo. Tarehe 8 Agosti ni Nanenane. Kuanzia tarehe 9 mwezi ni mpevu na tunarudi baharini. Arobaini ya marehemu inaangukia Alhamisi ya tarehe 21 Agosti, basi wiki ile yote tuachie. Halafu mwishoni mwa Agosti unaingia Mfunguo Sita, na hapo kila kitongoji kina maulidi yake. Sikutishi, ila kalenda yetu ndivyo ilivyo, na ni afadhali uijue sasa kuliko kukwama barabarani.

Iko hoja ya mzigo. Ghalani tuna magunia 31 ya mwani mkavu yaliyokuwa yapimwe Jumatano. Hayo hayana haja ya kungoja Agosti, na mvua ya ghafla haijui msiba. Ukiona inafaa, tuma gari Jumatatu ijayo, tarehe 21 Julai, saa nane mchana. Matanga yatakuwa yamekwisha na bamvua halijaanza. Mwenyekiti na mimi tutakuwepo, na vijana wawili wa kubeba. Siku hiyo iwe ya kupima, kuandika kilo na kupakia tu. Mambo ya mkataba, bei, na lile tulilolalamikia la mzani wenu na wetu kupishana, yasubiri kikao chenyewe, kwa sababu wenzangu hawatapenda kusikia yamezungumzwa na watu wawili nyuma ya gari. Na mimi nisingependa kusingiziwa.

Sasa jambo la Mhazini, ambalo nadhani ofisini kwenu hamjaliwaza. Kuanzia jana yeye ni kizuka. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, inahesabiwa kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo atatoka katikati ya Novemba, Mungu akijaalia. Muda wote huo hatakuja bandani, hatapanda gari kwenda benki, wala hatakaa na wageni wanaume. Hatakuwepo tarehe 2 Agosti, hata tarehe nyingine yoyote ya karibu, na tafadhali msichukulie kuwa amejitoa au kuna mgogoro wa fedha. Nasema hivi kwa sababu mnunuzi mmoja wa zamani aliwahi kumkosa mhazini wetu wa wakati ule kikaoni, akaenda kutangaza kuwa kikundi kimevunjika.

Sahihi yake lakini inahitajika, maana hati zetu za benki zinadai sahihi tatu. Nilimuuliza leo jioni, nilipoingia chumbani kumpa pole. Alinyamaza kidogo, akavuta kasha chini ya kitanda, akanipa daftari la mapokezi na ufunguo, vyote amevifunga kwenye kipande cha kanga. Akasema, "Usiwarudishe watu wa mzani mikono mitupu kwa ajili yangu." Akarudi kulala ukutani. Basi tumekubaliana hivi: mkataba ukiwa tayari, karatasi nitampelekea mimi nyumbani asome mwenyewe, kwani anasoma kuliko sisi sote, atie sahihi na kunirudishia. Shekhe wetu tumemuuliza, amesema halina tatizo. Kama kampuni yenu ni lazima imwone anayetia sahihi kwa macho, basi yule dada mnayefanya naye kazi ya vitabu aje pamoja nawe, nitaingia naye ndani. Wewe utasubiri barazani na kahawa yako. Kwa upande wa benki tumeanza kuzungumza na afisa maendeleo ya jamii juu ya kuweka mtu wa kukaimu mpaka Novemba, na muhtasari wa kikao cha wanachama tutauandika baada ya matanga.

Ninachoomba ni majibu ya mambo mawili, ikiwezekana kabla ya Ijumaa: kati ya tarehe 2, 4 na 5 Agosti ipi inakufaa, na kama gari la kupima litakuja tarehe 21 Julai. Ujumbe mfupi kwenye simu unatosha. Kesho na keshokutwa ukinipigia mchana huenda nisipokee, maana simu naiacha kwa mwanangu nikiwa jikoni, ila baada ya Magharibi nitakujibu.

Halafu lisilo la kikazi. Uliniuliza siku moja kama asiye Mwislamu anaruhusiwa kufika msibani kwetu. Mbona anafika. Ukitaka kuja Jumatano kama mtu wa nyumbani, na si kwa kikao, njoo. Utakaa na wanaume bandani, utasikiliza hitima, utakula pilau, na kama una chochote cha ubani utampa kaka wa marehemu mkononi, hatuna meza ya kuandikisha majina. Usivae viatu vya kufunga kamba, utachoka kuvivua. Na ukishindwa kuja au usipopata nafasi, pole yako tumeshaipokea, wala usihesabu kuwa umetukosea.

Mwenyekiti anakusalimu. Amesoma barua hii na ameongeza neno moja tu, kwamba mzani wenu utaufungua wewe mwenyewe kanga yake tarehe 21, ili asije mtu akasema tuliuchezea.

Wako katika kazi,

Mama Sauda
Katibu wa kikundi

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi, Mhazini (nitampelekea kwa mkono)