Parol ya Lola Ising

Fito za mwanzi zilikuwa uvunguni tangu Jumamosi, kumi, zote urefu mmoja, na Lola Ising alikuwa akifagia kandokando yake kila asubuhi bila kuzigusa. Sasa ilikuwa jioni ya tarehe 15 Desemba. Kesho yake saa kumi alfajiri ingeanza Simbang Gabi, zile misa tisa za kuelekea Krismasi, na katika mtaa wao huko Bulacan, kaskazini mwa Manila, dirisha lisilo na parol, ile taa ya nyota ya Krismasi, lilikuwa lao peke yake.

"Lola, kwa Aling Bebang wamenunua ya umeme," alisema mjukuu wake, Nene. "Inabadilisha rangi yenyewe."

"Na bili nayo itabadilika yenyewe. Haya, zitoe hizo fito."

Nene akazitoa. Lola akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaziangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika nyumba ile kazi ya parol ilikuwa na mipaka: Lolo, mumewe, hufunga fito, Lola hubandika karatasi. Lolo alizikwa mwezi Agosti. Mwenye kujua gundi alikuwapo. Mwenye kujua mafundo hakuwapo.

"Nyota moja ni fito tano," Lola alianza, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Akapanga tano, akazifunga ncha kwa uzi, akainua. Ikalegea, ikajikunja, ikawa kitu kama mtego wa kaa.

Nene alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Cheka tu. Kisha nionyeshe wewe, maana ndiye uliyekuwa ukimkalia babu yako mapajani."

"Lolo alikuwa anapitisha juu, halafu chini," alisema Nene. "Juu, chini. Fito ya mwisho inaingia katikati ya nyingine, ndiyo inayoshika."

Wakafumua. Safari hii Nene alisuka na Lola akafunga, akikaza uzi kwa meno kwa sababu vidole vyake siku hizi havikazi. Ya kwanza ilisimama. Ya pili ilisimama vizuri zaidi. Wakazilaza moja juu ya nyingine na kuzifunga ncha zote tano, kisha Lola akachukua vijiti vitano vifupi, kila kimoja kama urefu wa kidole cha shahada, akavitegesha ndani pale fito zinapokatana. Mbavu zikaachana na nyota ikatoa tumbo.

"Hapo sasa tumefika kwangu," alisema, akajifuta mikono kwenye gauni.

Gundi aliipika mwenyewe: wanga kidogo, maji, moto mdogo, koroga usiache. Ikiwa nzito inavimbisha karatasi, ikiwa nyepesi inailowesha. Karatasi yenyewe ni papel de hapon, nyembamba kiasi kwamba ukiishika kwa mkono wenye jasho inakuachia rangi. Walikuwa na nyekundu na ya manjano.

"Gundi inapakwa kwenye mwanzi, mjukuu wangu, si kwenye karatasi. Ukipaka karatasi, umeichana."

Nene alipaka karatasi. Ikachanika.

Lola hakusema neno. Alimpa kipande kingine, akageuka kukata shashi za mikia ili mtoto apate kukosea bila kutazamwa. Kipande cha tatu kilikaa. Nene akajifunza kukilaza kuanzia ncha kuja katikati, akikivuta kidogo tu, na kukata ziada baada ya gundi kukauka, si kabla. Nyuma waliacha pembetatu moja wazi, ya kupitishia balbu.

"Zamani tuliweka mshumaa," alisema Lola. "Mwaka mmoja Lolo wako aliuweka karibu mno. Tulikwenda misani tunanuka moshi, naye akawaambia watu eti alikuwa anachoma samaki."

"Watu wakaamini?"

"Samaki, alfajiri ile? Hata padre alicheka."

Mkono mmoja wa nyota ulitoka mrefu kuliko mingine. Tito Boy, aliporudi kutoka kazini, aliuona papo hapo akatafuta kisu aupunguze.

"Uguse uone," alisema Lola.

Akatundika mwenyewe, amepanda kwenye kiti ambacho kila mtu alikuwa amemkataza kupanda, na Nene ameshika miguu ya kiti.

Walipotoka kanisani kesho yake, Aling Bebang aliwakuta kwenye foleni ya bibingka, keki za mchele. Nene akachukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe kumwamkia.

"Ising, ile parol umeinunua wapi? Yangu imezimika usiku, inawaka upande mmoja tu."

"Muulize fundi," alisema Lola, akimwelekezea Nene kwa mdomo.

Nene akaangalia bibingka zilizokuwa zikitolewa motoni, akafikiri.

"Fito unaleta mwenyewe, Aling Bebang," alisema. "Na karatasi. Gundi tunayo."