Majibu kuhusu kuhamia nyumba namba 9

Sinza, Dar es Salaam
12 Oktoba 2024

Baba Rehema, shikamoo.

Nashukuru ulivyokuja mwenyewe Jumatano tukaongea kuhusu sisi kutoka namba 2 twende namba 9, hukumtuma dalali. Nimekaa na mama, tumelizungumza jambo hili kwa utulivu, na jibu letu ni hili: kuipisha nyumba namba 2 tunakubali, ila namba 9 hatutaiweza. Tunaomba utupe namba 5.

Nia yako ya kugeuza huku chini kuwa fremu za maduka naielewa. Nyumba imetazama barabara, na fremu moja mahali hapa inaweza kukuingizia zaidi ya hii 350,000 ninayolipa. Siwezi kukuzuia kwenye mali yako.

Tatizo ni ngazi. Mama ana miaka 71 na magoti yake unayajua, anatembea na mkongojo. Kila mwezi ana kliniki, na hapa chini bajaji inamfuata mpaka mlangoni. Namba 9 iko ghorofa ya tatu, na kipande cha mwisho cha ngazi hakina hata pa kushika. Jana nilimsindikiza apande taratibu, alipofika ghorofa ya pili akakaa chini. Nikimpeleka kule atakuwa hatoki tena nje: hatakaa barazani na wenzake, wala hataweza kwenda jumuiya. Hilo siwezi kumfanyia mama yangu, hata ungenipunguzia kodi.

Pia kule juu maji yatatusumbua. Tanki liko darini hapohapo, kwa hiyo yanashuka kwa nguvu ndogo, na wiki zile DAWASA wanapotoa maji kwa mgao mpangaji wa juu ndiye analalamika kwanza. Mimi naosha na kufua kwa ajili ya mgonjwa kila siku.

Namba 5 iko ghorofa ya kwanza, na ngazi zake zina chuma cha kushikilia. Yule kijana anayekaa humo aliniambia mwenyewe anahama mwisho wa mwezi huu. Najua chumba cha pili ni kidogo kuliko cha huku, lakini tutajibana. Kama umeshamwahidi mtu mwingine, nakuomba sana uongee naye kabla hajatoa hela. Pengine huyo namba 9 itamfaa.

Ukikubali, naomba haya tuyaandike kwenye mkataba, tusaini wote wawili mbele ya mjumbe kama tulivyofanya mara ya kwanza. Kodi nimeshalipa mpaka 31 Januari 2025. Nikihama mwanzoni mwa Novemba, ile miezi mitatu, yaani shilingi 1,050,000, ihesabiwe kwenye namba 5, nisidaiwe malipo mapya kabla ya Februari. Amana yangu ya 350,000 nayo ihamie huko. Na kwa kuwa ninahama kwa ajili ya ujenzi wako, kodi ibaki hiihii kwa mwaka mzima wa 2025.

Kuhusu LUKU, naomba mita ya namba 5 ikaguliwe kabla sijachukua ufunguo. Kama kuna deni la kodi ya jengo lililolimbikizwa, nitakaponunua umeme mara ya kwanza litakatwa kwangu, wakati ile ni kodi ya mwenye nyumba. Huku chini umekuwa ukinirudishia kinachokatwa, na sijawahi kukudai mara mbili. Utaratibu huo uendelee.

Yale mageti ya madirisha ya nyuma niliyaweka kwa hela yangu, na wewe uliruhusu. Yakiingia kwenye madirisha ya namba 5 nitayahamisha, fundi nitamlipa mimi. Yasipoingia, naomba tukubaliane bei uyachukue, kwa sababu hata kwenye fremu utayahitaji. Rangi na bomba la jikoni la namba 5 linalovuja naomba uvishughulikie kabla hatujaingia. Siombi kingine cha kutengeneza.

Kuhama naweza Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, wadogo zangu watakuja kubeba vitu. Nakuomba tu mafundi wasianze kubomoa ukuta wa mbele kabla ya siku hiyo. Vumbi la saruji na kifua cha mama haviendani kabisa.

Kama namba 5 haiwezekani, niambie mapema bila kuona haya. Itabidi nibaki namba 2 hadi kodi yangu iishe Januari, huku natafuta nyumba nyingine ya chini hapahapa Sinza. Sitakuwa na kinyongo. Umetukalisha vizuri, na mwaka ule nilipokwama ada ya mtoto ulinivumilia. Lakini ningependa zaidi tubaki kwako.

Siku za kazi narudi saa kumi na mbili jioni, Jumapili niko nyumbani baada ya ibada. Njoo wakati wowote, au nipigie tukaione namba 5 pamoja na huyo kijana kabla hajaondoka. Mama anakusalimia, na Mama Rehema msalimie.

Mama Imani
Mpangaji, nyumba namba 2