Modeli na Vigezo vya Maswali: Jaribio la Hesabu za Sehemu, Darasa la Sita

Majibu ya wanafunzi 1,240 kwa maswali 20 yalichanganuliwa kwa modeli ya vigezo viwili ya nadharia ya mwitikio wa maswali:

`P(θ) = 1 / (1 + exp(-a(θ - b)))`

Hapa P(θ) ni nafasi ya mwanafunzi kulipata swali, na θ ni uwezo wake, katika skeli yenye wastani 0 na mchepuko sanifu 1. Kigezo b ni ugumu, yaani kiwango cha uwezo ambapo nafasi ya kulipata swali ni nusu. Na a ni nguvu ya swali ya kuwatofautisha wanafunzi walio karibu na kiwango hicho. Kigezo cha kubahatisha hakikuongezwa, kwa kuwa wanafunzi waliandika majibu wenyewe.

Swali la 8, kujumlisha 1/2 na 1/3, lina b = 0.35 (kosa sanifu 0.05) na a = 1.62 (kosa sanifu 0.12), hivyo mwenye uwezo wa 1.35 ana nafasi ya asilimia 83 ya kulipata. Swali la 17 linatutia wasiwasi: b yake ni 1.90 lakini a ni 0.31 tu, kiasi kwamba uwezo ukipanda kutoka 0.90 hadi 2.90, nafasi hupanda kutoka asilimia 42 hadi 58 pekee. Huenda maelezo yake marefu yalipima usomaji kuliko sehemu. Tunashauri lisihesabiwe katika alama za wanafunzi.