Tafakuri ndani ya tendo na tafakuri juu ya tendo: somo la sehemu Darasa la Tano

Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 juu ya namna wataalamu wanavyofikiri kazini, alitofautisha tafakuri mbili. Ndani ya tendo, mtu hufikiri kazi ikiendelea, hasa anaposhtushwa na jambo asilolitegemea, na hubadili mwendo papo hapo. Juu ya tendo, hurudi nyuma kazi ikishakwisha na kujiuliza kulitokea nini, na kwa nini. Chuoni nilikariri tofauti hii ili nifaulu mtihani. Nilikuja kuielewa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Rungwe, asubuhi ya ukungu, wanafunzi wamejikunyata ndani ya masweta.

Niliandika 1/2 + 1/3. Mtoto wa kwanza kunyoosha mkono alisema 2/5, na darasa zima likaafiki. Andalio langu la somo halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilitaka kufuta na kurudia kanuni, mkono ukasita. Nikauliza, "Mama ana nusu debe la viazi, akaongeza theluthi ya debe. Vimepita nusu debe au bado?"

"Vimepita!"

"Na 2/5 imefika nusu?"

Kimya. Kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, basi viazi vimepungua!"

Wakacheka, tukachora madebe, kila moja limegawanywa mara sita.

Nilitoka nikijipongeza. Kwenye tathmini nikaandika "Somo limeeleweka", maneno ambayo, tuseme ukweli, wengine huyaandika hata kabla ya kipindi.

Jioni nikasahihisha madaftari. Wanafunzi 19 kati ya 58 walikuwa bado wanajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Ndipo nikajiuliza kosa lilizaliwa wapi, swali ambalo darasani sikuwa na nafasi nalo. Jumatatu, kwenye sehemu zenye asili moja, niliwaambia "jumlisheni za juu, ya chini iacheni", bila kueleza kwa nini inaachwa. Walioshika "jumlisheni" walishika nilichowapa.

Tafakuri ya kwanza iliokoa kipindi, ila inaona mikono iliyonyooshwa tu. Ya pili ina subira, lakini nayo hudanganya: bila yale madaftari ningeandika hadithi tamu ya viazi na kulala. Wenzangu huiona ya pili kuwa kubwa kwa sababu ndiyo inayoandikwa na kupewa alama. Mimi sioni hivyo. Mkono wangu ulisita ubaoni kwa sababu wiki moja kabla nilijiandikia kwamba nafuta majibu mabaya haraka mno. Tafakuri ya wiki ile ndiyo iliyofanya kazi asubuhi hiyo.

Nikakata "Somo limeeleweka", nikaandika: "Wanafunzi 19 bado wanajumlisha asili. Chanzo: maelezo yangu ya Jumatatu. Kesho tuanzie hapo."

Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja akachungulia. "Sasa mkufunzi akija kukukagua, atasoma hayo?"

"Asome."