Kiwanja kinauzwa Ipuli, Tabora Mjini: mita za mraba 742, hati ipo, milioni 11.5

Nauza kiwanja changu kilichopo kata ya Ipuli, Manispaa ya Tabora. Nauza mimi mwenyewe, si dalali. Nilihamishiwa Dodoma kikazi, watoto wameshaanza shule huku, na mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba hatutarudi kujenga. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine iliyofichwa.

Kwanza ukubwa, maana hapo ndipo watu wanapopigwa sana. Mtaani kila mtu atakuambia ni "ishirini kwa arobaini". Si kweli. Hati inasema mita za mraba 742. Upande wa barabarani ni mita 20.3, nyuma 19.1, kushoto 38.2 na kulia 37.1, kwa hiyo kimepinda kidogo, hakijakaa kama kibiriti. Ishirini kwa arobaini ingekuwa 800. Hizo mita za mraba 58 mimi nilizilipia mwaka 2016 bila kuzipata, kwa sababu nilipimiwa kwa hatua za miguu. Wewe sikuuzii hewa. Njoo na futi kamba yako.

Bikoni zote nne zipo. Ya kona ya nyuma kulia ilitupa kazi: ilikuwa imefunikwa na mizizi ya mwembe na taka za majani, tukachimba na jembe karibu nusu saa ndipo jiwe likaonekana. Ilipoonekana ndipo tukagundua ua wa michongoma wa jirani umeingia kwangu kama mita moja upande huo. Nimeongea naye, ni mzee muungwana, amekubali kuusogeza na tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hadi naandika hapa ua bado haujasogezwa. Ukija utauona, usishtuke. Mwembe ni wa kiwanja, unaondoka nacho, ila watoto wa mtaa huwa hawajui habari za hati embe zikiiva.

Barabara ya mbele ni ya vumbi, gari inafika mpaka kiwanjani. Nguzo ya umeme iko ng'ambo ya barabara. Bomba la TUWASA linapita nyumba ya tatu kutoka hapo, utavuta mwenyewe. Kasoro ni kwamba upande wa nyuma ni chini: mvua za Januari na Februari zikikolea, maji hutuama siku mbili tatu. Utahitaji kuinua msingi au kujaza kifusi, na hiyo ni hela, nimeiweka kwenye bei. Kama unaweza, njoo ukione mvua ikiwa inanyesha. Kiwanja cha kiangazi huwa kizuri siku zote.

Sasa hati. Ipo, imetoka 2019 baada ya eneo kupimwa kwenye urasimishaji, ni ya miaka 33, matumizi ni makazi. Ina majina mawili, langu na la mume wangu, kama wamiliki wa pamoja. Wote wawili tutakuja kusaini, na vitambulisho vyetu vya taifa mkononi. Mtu akikuuzia ardhi akasema mwenza wake atasaini baadaye, ondoka. Sheria inataka ridhaa ya mwenza hata kama hati ina jina moja tu.

Mambo mawili kuhusu hati ambayo dalali asingekuambia. La kwanza, nadaiwa kodi ya pango la ardhi ya miaka miwili. Nitailipa yote kabla ya kusaini, na stakabadhi utaiona. La pili, masharti ya hati yanataka kiwanja kijengwe ndani ya miezi 36, nami sijajenga hata choo. Sijapata notisi yoyote ya ubatilisho, ila usichukue neno langu, kaulize ofisini. Na ukinunua, jipange kujenga. Masharti hayo yanakufuata wewe.

Jinsi ya kuhakiki. Picha ya hati siiweki mtandaoni kwa sababu watu wanaichapa na kwenda kuuzia wengine. Tukiongea ukaonyesha nia, nakupa namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Chukua hizo uende ofisi ya ardhi ya mkoa, hapo hapo Tabora, kwa Msajili wa Hati, uombe upekuzi rasmi. Unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa benki au simu, si kwa mkono wa mtu. Majibu ya maandishi yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Majina yasipofanana na ya vitambulisho vyetu, biashara imeishia hapo.

Ukitoka huko, pita idara ya ardhi ya Manispaa ulinganishe namba na ramani ya upimaji. Mtu mwenye hati halali anaweza kukuonyesha kiwanja cha mwingine. Mimi karibu yanikute hayo 2015, hati ilikuwa safi kabisa, kiwanja nilichoonyeshwa kikawa cha bibi mmoja aliyekuwa Urambo. Ndiyo maana mlipe mpimaji akusomee bikoni. Uliza pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna shauri, na waulize majirani mimi nisipokuwepo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ni nzuri kwa utambulisho, lakini muhuri wake haumfanyi mtu kuwa mmiliki.

Bei ni shilingi 11,500,000. Nilinunua 4,200,000, sikufichi, hati na upimaji vikaja juu yake. Ni kama 15,500 kwa mita ya mraba. Wapo wanaotaja milioni 18 mitaa hiyo hiyo kwa sababu ya habari za reli ya SGR. Mimi siuzi treni, nauza kiwanja. Maongezi yapo kidogo, ila chini ya milioni 11 tusichoshane.

Kodi ya ongezeko la mtaji, ile asilimia 10 ya faida ya TRA, ni juu yangu. Ushuru wa stempu asilimia 1, yaani 115,000 kwa bei hiyo, pamoja na ada za uhamisho ni juu yako. Wakili tutachangia nusu kwa nusu, na umchague wewe. Dalali simlipi, na ukimleta wako umlipe wewe.

Sipokei kishika uchumba wala hela ya kwenda kuona. Upekuzi ukirudi safi tunasaini mbele ya wakili, unaweka asilimia 70 kwenye akaunti ya benki yenye majina yetu wawili, na 30 inabaki mpaka hati isome jina lako. Kwa awamu za miezi sita au kubadilishana na gari, hapana, samahani. Mnunuzi awe raia wa Tanzania, kwa sababu asiye raia sheria haimruhusu kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Nitakuwa Tabora wiki nzima ya kwanza ya mwezi ujao. Kabla ya hapo mdogo wangu anaweza kukuonyesha kiwanja Jumamosi na Jumapili asubuhi, ila yeye hapokei hela ya mtu yeyote, hata ya soda. Niandikie hapa hapa, useme jina lako na siku unayotaka kwenda. Kikishauzwa nitafuta tangazo hili siku hiyo hiyo.