Nywele 4C zisizonyonya maji haraka: kuosha, kulainisha na kusokota twisti

Maelezo ya video

Nywele za kipilipili za aina ya 4C, zisizo na dawa, zinazofika mabegani zikivutwa, na ambazo maji hayaziingii upesi. Kama matone yanakaa juu ya nywele zako na mafuta yanakubakia mkononi badala ya kuingia, hapa ndipo pako.

Video ina dakika 26 na inaonyesha siku nzima ya kuosha kichwa: kufumua, shampuu, kutoa mafundo, kofia ya joto, kupaka na kusokota twisti za mafungu mawili. Kazi yenyewe huchukua saa 3 hivi kwa nywele nyingi kama hizi, na sehemu zinazojirudia nimezikata. Nywele unazoziona ni za dada yangu mdogo. Amekubali zionyeshwe, na ndiye anayesema kila mara kinachouma na kisichouma. Msikilize.

Nywele za kwenye video

Aina: 4C. Unene wa unywele mmoja mmoja: mwembamba. Wingi kichwani: nyingi. Unyonyaji wa maji: mdogo. Urefu: zikivutwa zinagusa mabega, zikiachwa zikauke zenyewe zinajikunja na kuonekana chini ya nusu ya hapo. Dawa ya kulainisha: hakuna. Rangi: hakuna. Ngozi ya kichwa: kavu kiasi, bila mba wala vidonda.

Namba na herufi hizi zilianza na msusi wa Kimarekani Andre Walker, aliyezipanga nywele kuanzia 1 zilizonyooka hadi 4 za kipilipili. Kundi la 4C waliliongeza baadaye wenye nywele hizo wenyewe, maana 4A na 4B hazikuwatosha. 4A ina mizunguko unayoweza kuiona moja moja, 4B inakunjika kwa kona kama herufi Z, na 4C imejikunja kwa kubana kiasi kwamba mzunguko hauonekani mpaka uuvute unywele.

Lakini namba hiyo inataja umbo peke yake. Watu wawili wenye 4C wanaweza kupaka kitu kilekile, mmoja akang'aa na mwingine akabaki na utando mweupe kichwani. Kinachowatofautisha mara nyingi ni unyonyaji. Unywele umefunikwa na magamba madogo sana, na yakilala bapa na kubanana, maji huchelewa kuingia na huchelewa kutoka. Ndiyo maana nimeandika unyonyaji kwenye kichwa cha video, sambamba na 4C. Ukiangalia jambo moja tu kabla ya kufuata hatua zangu, angalia hilo.

Namna ya kupima iko dakika ya 01:35. Chukua fungu la nywele safi, zisizo na mafuta wala krimu, lipulizie maji kidogo na usilishike. Matone yakisimama juu kwa dakika kadhaa, unyonyaji ni mdogo. Yakipotea papo hapo, ni mkubwa. Jaribio la kutupa unywele kwenye glasi ya maji sijaliweka kwa makusudi: mafuta kidogo au kipovu cha hewa vinatosha kuuelesha unywele wowote, na watu wengi wamenunua vitu visivyowafaa kwa sababu ya glasi hiyo.

Video hii haikufai kama

Nywele zako zimepakwa rangi ya kung'arisha au zina dawa. Magamba yake yameshafunguka, hunyonya na kupoteza maji haraka, na mafuta mepesi ninayotumia hapa hayatazishikia unyevu. Nenda kwenye orodha yangu iitwayo "Nywele zinazonyonya haraka".

Una rasta. Hatua za kuchana hazikuhusu kabisa.

Nywele zinadondoka kwa mabaka, au ngozi ya kichwa inauma, inatoa usaha au ina magamba yasiyoisha. Muone daktari wa ngozi kwanza. Hakuna kondishena ya kutibu hayo, na kuchelewa kunaweza kukufanya upoteze vinyweleo ambavyo havitarudi.

Vitu vilivyotumika

Sijataja chapa yoyote na hakuna aliyenilipa. Tafuta kitu chenye kazi hii popote ulipo.

Shampuu ya kusafisha kwa kina, vijiko 2 vya chakula vilivyochanganywa na maji kwenye chupa ya kubinya. Nywele zisizonyonya hujaza mabaki juu yake, na mabaki yakikaa hata kondishena bora haipiti.

Kondishena nyepesi inayoteleza, ya kutolea mafundo. Usiibanie.

Kondishena ya kukaa kichwani chini ya kofia. Chagua yenye unyevu, isiyo na protini nyingi: nywele za aina hii zikizidishiwa protini huwa ngumu na kukatika kama majani makavu.

Kondishena isiyooshwa, ya majimaji. Kwenye orodha ya viambato, maji yawe ya kwanza.

Mafuta ya mbegu za zabibu, matone machache kwa kila fungu. Siagi ya shea na mafuta ya mnyonyo ni vitu vizuri, ila kwa kichwa hiki ni vizito na hukaa juu tu.

Jeli ya mbegu za kitani niliyopika mwenyewe: robo kikombe cha mbegu kwa vikombe 2 vya maji, chemsha ukikoroga kwa dakika 8 hadi 10, chuja ingali moto, maana ikipoa haichujiki. Haina kihifadhi, kwa hiyo iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki moja. Ikibadilika harufu, mwaga.

Vifaa: kitana chenye meno mapana, vibanio 8, chupa ya kupulizia, kofia ya plastiki, taulo, fulana kuukuu ya pamba, kitambaa cha satini cha kulalia.

Sura za video

00:00 Nywele hizi ni za aina gani
01:35 Kupima unyonyaji kwa chupa ya kupulizia
03:50 Kufumua na kugawa mafungu 8
06:40 Shampuu kwenye ngozi ya kichwa
10:15 Kutoa mafundo kwa vidole, kisha kitana
14:30 Kofia ya plastiki na joto, dakika 20
16:05 Kusuuza na kukamua kwa fulana
17:45 Kupaka: kondishena isiyooshwa, mafuta, jeli
20:20 Kusokota twisti
24:55 Kukausha na kufunga kichwa usiku

Hatua kwa maandishi, kwa asiyeweza kusikiliza

Fumua mtindo wa zamani ukiwa umelowesha mikono, gawa kichwa mafungu 8 na ubane kila moja. Shampuu iende kwenye ngozi, isuguliwe kwa ncha za vidole na si kwa kucha. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu wa nywele. Tumia maji ya uvuguvugu.

Kutoa mafundo ndiyo hatua iliyobeba video nzima, na ndipo nywele nyingi zinapopotea. Fungu moja kwa wakati. Lowesha, paka kondishena mpaka nywele ziteleze mkononi, halafu anza na vidole kwenye ncha. Ukikuta fundo, shika nywele juu yake ili mvuto usifike kwenye mzizi, ongeza maji, na uliachanishe kwa kulivuta kwa pembeni, polepole. Kitana kiingie baada ya vidole kumaliza, nacho kianzie kwenye ncha kupanda kwenye mizizi. Dakika ya 12:05 utaona fundo moja likinichukua muda mrefu. Sikulikata hilo kwenye uhariri, kwa sababu ningependa uone kwamba mkasi si jibu la kwanza. Nywele zitakazobaki mkononi usizihesabu kwa hofu: mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za 4C hunaswa ndani ya nyingine mpaka siku ya kuosha. Yenye kivimbe cheupe mwishoni imedondoka kwa zamu yake. Vipande vifupi visivyo na kivimbe vimekatika, na hapo punguza nguvu.

Paka kondishena ya kukaa, vaa kofia ya plastiki, zungushia taulo lililochovywa maji moto na kukamuliwa. Dakika 20. Joto hulainisha mpangilio wa magamba na kondishena hupata njia ya kupita. Tafadhali usitumie soda ya kuokea kwa kazi hii, hata kama umeiona mahali pengi. pH yake ni zaidi ya 8, wakati nywele zenyewe ziko kwenye 4 hadi 5 hivi. Hufungua magamba kwa kuyaharibu.

Suuza, kamua kwa fulana bila kusugua. Nywele zikiwa bado zinachuruzika kidogo, paka kondishena isiyooshwa, kisha mafuta, kisha jeli. Kwa kichwa kisichonyonya, unyevu ukishakauka umeupoteza, hivyo fungu usilolifikia libaki limefunikwa.

Sokota: kila fungu ligawe mara mbili, zungusha nyuzi zote mbili upande mmoja, kisha zizungushiane upande wa pili. Usivute kwenye paji la uso na pembeni. Twisti ikikupa vipele au kuumwa kichwa imebana, na kubana huko kukirudiwa kwa miaka hung'oa nywele za pembeni moja kwa moja. Acha zikauke zenyewe, funga satini, lala.

Kuhusu kurefuka

Sijaweka "kukuza nywele haraka" kwenye kichwa wala kwenye lebo, ingawa najua ndilo linalotafutwa. Nywele hukua takriban sentimita 1 na kidogo kwa mwezi, na kuosha hakuongezi kasi hiyo. Kinachopatikana hapa ni kubaki na urefu uliokwisha kuota.

Maneno ya kutafutia

nywele 4C, nywele za kipilipili, nywele asili, nywele zisizonyonya maji, nywele kavu 4C, jinsi ya kuosha nywele asili, kutoa mafundo kwenye nywele, kusokota twisti, twisti za nywele asili, jeli ya mbegu za kitani, kondishena isiyooshwa, kofia ya joto, nywele zisizo na dawa, kuzuia nywele kukatika

#nywele4C #nyweleasili #twisti

Picha ya jalada

Maandishi juu ya picha: 4C ISIYONYONYA MAJI

Maelezo kwa wasioona: Mwanamke mwenye nywele nyeusi za kipilipili zilizogawanywa mafungu. Upande wa kushoto nywele zimelowa na matone ya maji yamesimama juu yake. Upande wa kulia zimesokotwa twisti zinazogusa shingo.

Data ya ukurasa

```json
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "VideoObject",
  "name": "Nywele 4C zisizonyonya maji haraka: kuosha, kulainisha na kusokota twisti",
  "inLanguage": "sw",
  "duration": "PT26M40S",
  "keywords": "nywele 4C, nywele zisizonyonya maji, twisti"
}
```

Jina la faili: `nywele-4c-zisizonyonya-maji-twisti.mp4`

Orodha: Siku ya kuosha, nywele 4. Manukuu: Kiswahili, yameandikwa kwa mkono.

Maoni yaliyobandikwa juu

Ukiuliza swali, tafadhali andika mambo matatu: matone yalifanyaje ulipopulizia, mara ya mwisho uliosha lini, na ulipaka nini tangu hapo. Picha peke yake hainionyeshi unyonyaji, na sipendi kukuambia ununue kitu kwa kukisia.